Nawezaje kuieleza kwa maneno fremu ya ukungu wa Tukuyu ili tukio jipya la Iringa lifanane nayo?

Bintirungwe

Habari zenu wote. Naomba msaada wa jambo ambalo limenikwamisha kwa wiki mbili. Ninamalizia filamu fupi ambayo sehemu yake kubwa niliipiga Tukuyu mwezi wa Aprili, wakati wa masika. Ipo fremu moja ambayo kwangu ndiyo filamu yenyewe: mama ameketi kwenye kigoda barazani asubuhi, amejitanda kanga ya rangi ya damu ya mzee, na nyuma yake migomba inapotelea kwenye ukungu hadi shina la mwisho linaonekana kama alama ya penseli kwenye karatasi. Hakuna mbingu wala jua katika fremu hiyo, na hakuna kitu cheupe kabisa.

Sasa hadithi imehitaji tukio moja zaidi, ambalo mama huyo amehamia kwa dada yake Iringa. Mwigizaji wangu anaishi huko siku hizi, kwa hiyo tutapiga huko huko, katika kijiji kilicho nje kidogo ya mji, mwishoni mwa Septemba. Nataka mtazamaji ahisi kwamba huzuni ya Tukuyu imemfuata mama huyu. Nilipiga kipande cha majaribio, nikamtumia fundi wa rangi aliye Dar es Salaam, pamoja na maelezo haya: "Rangi za baridi, kijani na kijivu, hali ya ukungu na huzuni, kama ile fremu ya barazani." Yeye akachukua gredi ya Tukuyu kama ilivyo, akaibandika juu ya kipande kipya.

Matokeo yake yalinisikitisha. Uso wa mama ulikuwa na rangi ya maini, udongo wa uani ukageuka zambarau, na vivuli vilizama vikawa kama masizi ya sufuria. Fundi anasema kosa si lake, kwamba maelezo yangu hayampi kitu cha kushika, na ninaamini anasema kweli. Swali langu ni hili: fremu ya namna hii huelezwaje, ili mtu aliye mbali aweze kuifikia hali yake bila kukisia?

KijanaWaUyole

Dada, mimi nadhani unajitaabisha bure kutafuta maneno. Mwambie fundi aitoe gredi ya Tukuyu kama faili la LUT, nawe umpe kameramani wako wa Iringa aliweke kwenye kioo cha kamera, ili aone hali ile ile tangu siku ya kupiga. Halafu fremu yenyewe usiitume kama picha ya kawaida ya WhatsApp, kwa sababu hubanwa na rangi hupotea. Itoe kwenye faili kubwa kisha uitume kama dokumenti:

```
ffmpeg -ss 00:04:12 -i filamu.mov -frames:v 1 fremu.png
```

Ukifanya hivyo, fundi ana fremu halisi na kameramani ana LUT. Sioni maneno yatahitajika wapi.

NjombeHarusi

Jambo hili limenigusa, maana mimi hupiga video za harusi hapa Njombe na nimewahi kuumia vivyo hivyo. Nilikuwa na harusi moja ya mwezi wa Julai, asubuhi yenye baridi kali, na picha zikatoka na weupe fulani wa samawati ambao wateja waliupenda sana. Bwana harusi mwingine akaziona, akataka "rangi zile zile" kwa harusi yake ya mwezi wa Desemba ukumbini, chini ya taa za manjano. Nilipaka gredi ile, shela likawa samawati na nyuso za wazee zikawa kama za watu walioishiwa damu. Tangu siku hiyo mteja akiniletea picha ya mfano, swali langu la kwanza ni kama ilipigwa wapi na saa ngapi. Sijawahi kupata njia ya kuandika jambo hilo likaeleweka, kwa hiyo nitaufuatilia uzi huu kwa makini.

MzeeWaSkopu

Bintirungwe, nimefanya kazi ya kuoanisha rangi kwa miaka kadhaa, na tatizo lako nimelikuta mara nyingi. Nitaanza na kilichotokea kwenye kipande chako, kwa sababu ukikielewa, maelezo yatajiandika karibu yenyewe.

Gredi ni dawa iliyopimwa kwa mgonjwa mmoja. Kule Tukuyu mama alikuwa amezungukwa na migomba, na mwanga uliomfikia usoni ulikuwa umepita kwenye majani au umegonga majani, kwa hiyo bila shaka ngozi yake ilielekea kijani. Ningebashiri kwamba fundi wako alitenga ngozi kwa kuichagua kwa rangi yake, akapunguza kijani na kuongeza wekundu. Vilevile ukungu ulikuwa umeifanya picha nzima iwe butu, kwa hiyo aliyavuta maeneo ya giza kuelekea chini ili picha ipate uzito. Sasa tazama Iringa. Ngozi haina kijani cha kuondoa, bali inapokea wekundu unaorudi kutoka kwenye udongo, na dawa ya wekundu ikaongezwa juu yake. Udongo mwekundu na ngozi ya binadamu viko karibu mno kwa rangi, hivyo uchaguzi ule wa ngozi ukaukamata na udongo, nao ukageuka zambarau. Vivuli vya jua kali vilikuwa tayari na giza, vikavutwa chini tena. Makosa yako matatu yana chanzo kimoja.

Hii ndiyo sababu sikubaliani na kijana wetu wa Uyole kuhusu LUT, ingawa kutuma fremu kama dokumenti amesema sahihi kabisa. LUT ni dawa ile ile ndani ya chupa nyingine. Hupokea thamani ya rangi na kutoa nyingine, wala haijui kama rangi hiyo ni ya uso au ya udongo, wala kama ni ya kitu cha karibu au cha mbali. Na kuhusu amri ile, kuna tahadhari moja: kama faili halina alama ya Rec.709, programu huweza kukisia mfumo wa zamani wa rangi, na kijani na nyekundu zikasogea kidogo. Ongeza hivi:

```
ffmpeg -ss 00:04:12 -i filamu.mov -vf scale=in_color_matrix=bt709 -frames:v 1 fremu.png
```

Kwa hiyo usimweleze fundi alichofanya kwenye gredi ya zamani. Mweleze kilichopo kwenye fremu baada ya kazi kwisha, kwa vitu vinavyopimika. Fungua fremu hiyo kwenye DaVinci Resolve, hata toleo la bure linatosha, bofya kitufe cha kulia juu ya picha, washa `Show Picker RGB Value` katika kipimo cha biti 10, ambacho huanzia 0 na kuishia 1023. Kisha unipimie sehemu tano tu: giza la karibu kabisa na kamera, giza la mbali kabisa, mahali panapong'aa kuliko pote, upande wa uso unaopata mwanga, na upande wa uso ulio kivulini. Ukipata nambari hizo rudi hapa.

MwalimuMafinga

Kamwene. Nimelisoma swali la dada na ningependa kuchangia kama mtu wa lugha. Naona maelezo yako yalikuwa mafupi mno na makavu. Ukungu wa Rungwe una maneno yake. Ungeandika kwamba ukungu umejilaza juu ya migomba kama shuka juu ya mgonjwa, kwamba asubuhi imekataa kuamka, kwamba kanga ya mama ndiyo kaa pekee lililobaki katika jiko lililozimika. Muswada ukiandikwa hivyo, kila anayeusoma ataiona picha ile ile, awe kameramani au fundi.

MzeeWaSkopu

Mwalimu, maneno yako ni mazuri, na mwigizaji akiyasoma atajua namna ya kukaa kwenye kigoda. Lakini wasomaji wawili wa "asubuhi imekataa kuamka" wataona asubuhi mbili tofauti, mmoja ya samawati na mwingine ya kijivu, na hakuna atakayejua kwamba mwenzake ameona nyingine hadi fedha ziwe zimeshatumika. Hata hivyo lipo moja ningelichukua kwako bila kulibadilisha, nalo ni lile la kaa pekee katika jiko lililozimika. Hilo ni taarifa ya rangi: linasema kwamba kitu chenye joto ni kimoja, ni kidogo, na kinafifia. Fundi anaweza kulifanyia kazi.

Bintirungwe

Ndaga fijo, Mzee. Nimepima jana usiku. Nambari ni kwa mfuatano wa nyekundu, kijani na samawati.

Giza la karibu, ambalo ni uvungu wa kigoda: 62, 74, 80. Giza la mbali, shina la mgomba wa mwisho: 296, 318, 316. Panapong'aa zaidi ni ukungu wa juu kushoto: 690, 722, 715. Uso upande wa mwanga: 470, 370, 300. Uso upande wa kivuli: 318, 252, 214.

Nilipima pia uso kwenye kipande kile kilichoharibika, nikapata 520, 318, 322. Baada ya kupima niliandika maelezo mapya hivi: "Weusi umeinuliwa na kuwa kijivu, weupe umeshushwa, picha nzima imepauka kidogo, na kila kitu kinaelekea kijani na samawati isipokuwa ngozi na kanga." Je, hii inatosha?

MzeeWaSkopu

Umefanya kazi nzuri, na sasa tunaweza kuzungumza. Tuanze na uso ulioharibika. Angalia kwamba kijani ni 318 na samawati ni 322, yaani zimelingana. Katika fremu yako nzuri, kijani kipo juu ya samawati kwa 70 upande wa mwanga, na kwa karibu 40 upande wa kivuli. Ngozi zetu zikipigwa katika mwanga wa kawaida huwa na ngazi hiyo, nyekundu juu, kijani katikati, samawati chini, na ngazi mbili za chini zikilingana ndipo uso unapokuwa na rangi ya maini. Hiyo ni alama unayoweza kuikagua wewe mwenyewe bila kumsubiri fundi, hata kama kioo chako hakiaminiki.

Sasa kuhusu maelezo yako. Yana kosa moja, na ndilo kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya akieleza picha ya ukungu. Umeandika "weusi umeinuliwa". Nambari zako zinasema vingine. Uvungu wa kigoda uko kwenye 70 na kitu hivi, ambao ni weusi wa kweli. Ulioinuliwa ni weusi wa mbali, ambao umefika 300 na zaidi. Ukungu haupaki picha nzima sawasawa. Kila tone lililopo kati ya kamera na kitu huongeza mwanga wake, kwa hiyo kitu kikiwa mbali zaidi hufunikwa zaidi, na kilicho karibu hubaki na weusi wake. Fundi akisoma "weusi umeinuliwa" atainua sakafu ya picha nzima, kigoda pamoja na mgomba, na utapata picha iliyofifia kama kitambaa kilichoanikwa juani muda mrefu. Watu wataona uchakavu badala ya ukungu, na hawatajua kwa nini hawaamini.

Kwa hiyo andika umbali. Sema weusi wa hatua mbili kutoka kwenye kamera ubaki chini ya 80, na weusi wa hatua thelathini ufike karibu 300. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko neno "ukungu" lililorudiwa mara kumi, kwa sababu inamlazimisha fundi kutumia maski zenye ngazi, na inamwambia kameramani kwamba bila kitu cha mbali ndani ya fremu hakuna kitakachofifia.

Jambo la pili ni weupe. Ukungu wako unaishia kwenye 720 hivi. Katika fremu nzima hakuna kitu kinachokaribia 1000. Hii ndiyo sababu uso wake, ambao uko chini ya 400 kwa mwangaza, haujisikii kuwa na giza, kwa kuwa macho hulinganisha. Kipande chako cha Iringa kikiwa na ukuta uliopakwa chokaa na kupigwa na jua, ukuta huo utafika 950, na uso ule ule wenye nambari zile zile utaonekana mweusi na umezama. Andika kwamba hakuna kitu kinachoruhusiwa kupita 750. Hapo unamwambia kameramani asiingize ukuta huo, maana kuushusha baadaye kutakupa ukuta mchafu wa kijivu.

KijanaWaUyole

Nimekuelewa kuhusu umbali, na nakubali kwamba LUT haiwezi kuujua. Bado nina wazo moja. Nyasi za Iringa mwezi wa Septemba ni za manjano makavu. Kwa nini asizigeuze ziwe kijani kwa `Hue vs Hue`? Nimefanya hivyo kwenye video ya wimbo mmoja na nyasi zilitoka vizuri kabisa.

MzeeWaSkopu

Zilitoka vizuri kwa sababu, ninavyodhani, hakukuwa na uso karibu na nyasi. Manjano ya nyasi kavu na sehemu zenye mwanga za ngozi ni majirani. Ukiyavuta manjano kuelekea kijani, ukingo wa shavu na paji la uso huvutwa pamoja nayo, na kwanza huoni, kisha unaona madoa ya kijani kibichi kila anapogeuza kichwa. Inawezekana kuukinga uso kwa maski inayofuata kichwa, lakini tukio lake lina mazungumzo, mama anainama na kuinuka, na hiyo ni kazi ya siku nyingi. Pia nyasi kavu iliyogeuzwa kijani huwa na mng'ao wa nyasi kavu. Mtu wa Tukuyu ataikataa hata kama hawezi kueleza sababu.

Ningependelea maelezo yaseme ni rangi zipi *hazipo*. Fremu ya Tukuyu haina manjano, haina samawati ya mbingu, haina weupe. Orodha ya visivyokuwepo humsaidia kameramani kuchagua mahali pa kusimama, na kazi hiyo haina gharama.

KalambaziIringa

Kamwene wote. Mimi ni kameramani na nimekulia huku, kwa hiyo niruhusuni nieleze hali ya mwanga, maana naona mnazungumza kuhusu gredi tu.

Mwishoni mwa Septemba jua la mchana huku linakaribia utosi, na ifikapo katikati ya Oktoba linakuwa utosini kabisa. Kuanzia saa nne hadi saa tisa macho ya mwigizaji yatakuwa mashimo mawili, na udongo mwekundu utamulika kidevu chake kwa chini. Hakuna gredi itakayoondoa vyote viwili. Mapambazuko nayo ni mafupi, kama dakika 20 tangu uanze kuona vizuri hadi jua litoke, hayatoshi kwa mazungumzo. Njia iliyobaki ni baraza inayotazama magharibi. Asubuhi yote hadi saa nne hivi itakuwa kivulini, na mwanga wake ni laini, unatoka mbinguni.

Ila mjue kwamba kivuli hicho ni cha samawati kuliko ukungu wa Tukuyu. Siku ya mawingu na ukungu ni karibu 6500K, na kivuli chini ya mbingu safi hupita 7500K kwa urahisi. Kamera ikiwekwa 5600K, kama nadhani mlivyofanya Tukuyu, itatoka samawati kupita kiasi. Mimi ningeanza na 6500K kisha nitazame uso.

Kuhusu umbali wenyewe, Septemba hatuna ukungu, ila tuna vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Vilima vya nyuma hufifia vizuri sana, lakini kufifia kwake kuna rangi ya chai ya maziwa. Mkiiacha hivyo mtapata hali nyingine kabisa.

Mwisho, naweza kumwagia uwanja maji kabla ya kupiga, ili udongo uonekane kama umenyeshewa.

MzeeWaSkopu

Baraza ya magharibi ni jibu zuri, na suala la vumbi ni muhimu sana. Habari njema ni kwamba kufifia kwa mbali ni eneo unaloweza kulishika peke yake kwenye gredi, kwa kuwa limepauka na liko mbali na uso. Ongeza samawati na kijani kidogo kwenye maeneo yenye mwangaza wa 500 hadi 750 pekee, hadi nyekundu iwe chini ya kijani kwa 30 hivi, kama ilivyo 690 kwa 722 kule Tukuyu. Chai ya maziwa itageuka majivu.

Kuhusu maji nina shaka. Udongo ukilowa unakuwa na giza zaidi, ndiyo, lakini pia rangi yake inakolea. Udongo mwekundu wa Iringa ukilowa utaiva kama tofali, na hapo mama hatakuwa na kanga tena kama kitu pekee chenye joto.

KalambaziIringa

Unakolea, ni kweli, lakini ukishuka chini ya 200 jicho haliusomi wekundu wake kwa nguvu ile, na ukavu wa vumbi unaondoka. Uwanja mkavu wa manjano na wekundu mwangavu utavuta macho zaidi. Mimi nimeshapiga vyote viwili na ningemwaga maji.

Bintirungwe

Nawashukuru wote. Nimeyaandika upya kwa kufuata mliyosema, na nayaweka hapa kabla sijayatuma kwa fundi na kwa kameramani, kila mmoja nakala ile ile:

"Tukio hili lifanane na fremu ya barazani iliyoambatanishwa kama dokumenti. Gredi ya fremu ile isinakiliwe. Kipimo ni cha biti 10.

Mwanga ni laini, hauna upande wenye nguvu. Tofauti kati ya pande mbili za uso ni ndogo, upande wa kivuli ukiwa kama theluthi mbili ya upande wa mwanga. Uso unakaa chini kidogo ya 400 kwa upande wa mwanga. Katika uso, nyekundu ni ya juu, kijani inafuata, samawati ni ya chini, na kijani isikaribiane na samawati kwa chini ya 40 hivi.

Weusi wa karibu ni weusi wa kweli, chini ya 80, ukielekea samawati ya kijani kwa kiasi ambacho mtu hakioni asipoambiwa. Kadiri vitu vinavyokwenda mbali, weusi wao unapanda, hadi vya mwisho viwe karibu 300. Tafadhali weusi wa picha nzima usiinuliwe kwa pamoja. Hakuna kitu kinachopita 750, na vinavyong'aa zaidi viko mbali, juu, na vina rangi ya majivu yenye kijani.

Sehemu kubwa ya fremu, kama robo tatu, ni kijivu na kijani kilichopauka. Hudhurungi ya mbao na udongo ni kidogo na ina giza. Chenye joto ni kanga ya damu ya mzee na ngozi ya mama pekee, na kanga iwe kama kaa pekee lililobaki katika jiko lililozimika: nyekundu yenye giza, isiyowaka. Havipo: mbingu, manjano, weupe, na kivuli chenye ukingo mkali."

MwalimuMafinga

Sasa naiona picha. Na nimefurahi kwamba kaa limebaki.

NjombeHarusi

Ningeomba kuuliza kuhusu kanga. Kule Tukuyu kanga ilikuwa na unyevu wa ukungu na ilipigwa kwenye mwanga wa kijani. Kanga ile ile kwenye kivuli cha samawati si itaelekea zambarau? Shela langu lilinifundisha kwamba kitambaa hakikai mahali pamoja.

MzeeWaSkopu

Umeuliza jambo ambalo mimi nililisahau. Ndiyo, itaelekea zambarau. Bintirungwe, ipime kanga kwenye fremu ya Tukuyu na uongeze nambari zake. Kisha nenda na kanga mbili siku ya majaribio, ile yenyewe na nyingine yenye wekundu wa kutu zaidi, zipigwe zote kwa dakika moja. Inayokaribia nambari bila kuguswa ndiyo ivaliwe, hata kama si ile ya awali.

Bintirungwe

Narudi baada ya siku tisa. Tumepiga majaribio kwenye baraza ya magharibi, kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi, kamera ikiwa 6500K, nyuma kukiwa na mikaratusi na kilima. Fundi alifanya gredi kuanzia mwanzo kwa kutumia maelezo yale, na safari hii aliniandikia maswali mawili tu.

Umbali umefanikiwa kuliko nilivyotarajia. Mkaratusi wa mwisho uko 285, uvungu wa kigoda uko 71, na jicho langu lilienda nyuma ya mama lenyewe, kama kule barazani. Kanga ya kutu ndiyo iliyoshinda. Uwanja tulimwaga maji nusu na nusu tukauacha, ili nione kwa macho yangu. Sehemu iliyolowa ina giza zuri lakini kwenye kioo kikubwa inashindana na kanga, na sehemu kavu haishindani na kanga bali inasema wazi kwamba ni kiangazi. Sijaamua.

Lililobaki ni kidevu. Upande wa mwanga nimepata 455, 362, 291, ambayo ni karibu sana na Tukuyu, lakini chini ya taya ni 372, 241, 206, na wekundu huo unaonekana kila anapoinua kichwa. Fundi ameukinga kwa maski, na katika fremu iliyosimama haionekani, ila akizungumza maski inaachwa nyuma kwa fremu mbili tatu.

KalambaziIringa

Huo ni udongo ulio mbele ya kigoda, nje ya fremu. Tandika blanketi jeusi hapo, kuanzia miguuni mwake hadi kwenye kamera, na wekundu utakatika.

MzeeWaSkopu

Blanketi litaondoa wekundu, lakini litaondoa pia mwanga wa chini, na kule Tukuyu taya yake ilikuwa inapata mwanga wa chini, tena wa kijani. Ningetandika majani ya migomba yaliyokatwa siku hiyo hiyo, mabichi, upande wa ndani ukitazama juu. Nakubali kwamba sijawahi kulifanya kwa uso wa mtu.

Bintirungwe

Jumamosi nitakwenda na vyote viwili, blanketi na majani. Nitapima chini ya taya kwa kila kimoja na nitaweka nambari hapa.